Ajali haina kinga, grainda inayo: mwongozo wa kuandika onyo la karakana lenye utani usioficha hatari

Agizo la aina hii limebandikwa katika karakana nyingi za kuchomelea mjini Mombasa, kuanzia Changamwe hadi Kongowea:

"Ni marufuku kwa mfanyakazi yeyote kutumia mashine ya kukatia na kusagia pasipo kinga. Mfanyakazi ahakikishe kuwa diski inalingana na kasi ya mashine, na avae vifaa vya kujikinga ipasavyo."

Halina kosa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inadai sehemu hatari za mashine zizibwe, na agizo hili linasema hivyo hivyo. Lakini fundi hulisoma siku ya kwanza kazini, na kuanzia siku ya pili halioni tena. Fundi aliyefungua kinga ya grainda yake, lile bati linalofunika diski, akaitupa chini ya meza hakufanya hivyo kwa kutojua. Anajua, ila ana sababu yake. Mstari wenye utani una kazi moja, nayo ni kuikuta sababu hiyo kichwani mwake wakati kidole kinaelekea swichi.

Mwongozo huu unalichukua agizo hilo moja, la grainda, na kulifuata kutoka linapokuwa kavu hadi linapokuwa mistari ya ukutani na ya kikao cha asubuhi. Ukishaona jinsi linavyofanyika kwa grainda, utaweza kulifanya kwa ngazi, kreni au nyaya za umeme.

Kwanza ijue mashine

Utani wa usalama unaopwaya mara nyingi huandikwa na mtu asiyejua kitu kinaumizaje. Anajua tu kwamba "ni hatari", kwa hiyo anaandika mstari ambao ungefaa kwa jambo lolote. Kabla ya kuandika neno, tafuta jibu la swali hili: nini hasa kinaruka, kinakwenda wapi, na kwa nini?

Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 kwa kawaida huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kupata kasi ya ukingo wa diski, zidisha kipenyo kwa 3.14, kisha kwa mizunguko, halafu gawanya kwa 60. Yaani mita 0.115 × 3.14 × 11,000 ÷ 60, na jibu ni mita 66 kwa sekunde. Kwa saa ni kilomita 238 hivi.

Diski hizo zinazouzwa madukani nyingi zimetengenezwa kuhimili mita 80 kwa sekunde, na kila diski imeandikwa mizunguko isiyopaswa kupita. Ya milimita 115 huandikwa 13,300. Ya milimita 230, ile kubwa, huandikwa kama 6,650 hivi. Sasa fundi anataka kukata bomba nene, grainda kubwa hana, na diski kubwa ipo. Kinga ya grainda ndogo haiiruhusu diski hiyo kuingia, kwa hiyo anaifungua. Diski iliyoundwa kwa mizunguko 6,650 sasa inazungushwa 11,000. Ukingo wake unakwenda mita 132 kwa sekunde, na nguvu inayoivuta diski ipasuke inapanda zaidi ya mara mbili na nusu ya ile iliyokusudiwa, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Ikipasuka, kinga ambayo ingevishika vipande iko chini ya meza.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Kosa la kufungua kinga na kosa la kufunga diski kubwa ni kosa moja lenye sura mbili. Mwandishi asiyelijua hilo ataandika mistari miwili dhaifu. Anayelijua ataandika mmoja unaopiga pote.

Tendo moja, mstari mmoja

Agizo letu limebeba matendo kadhaa kwa pumzi moja. Yatenganishe na uyaandike kwa kitenzi cha kuamuru, maneno yasiyozidi manne kila moja:

Funga kinga. Soma namba ya diski. Vaa miwani. Chomekea shati.

Hilo la mwisho halimo kwenye agizo. Limejificha ndani ya neno "ipasavyo". Maneno kama "ipasavyo", "inavyostahili" na "kwa uangalifu" ni mahali ambapo mwandishi wa kanuni alichoka. Kila ukikuta moja, uliza ni tendo gani limefichwa. Hapa ni nguo inayopeperuka. Diski ikilidaka shati, inajizungushia kitambaa na kuivuta mashine nzima kuelekea tumboni.

Amri hizo nne fupi hazitatoka ukutani kamwe. Utani huja chini yake, kwa herufi nyingine, na siku utani ukichakaa amri inabaki. Anayeondoa amri akaacha utani peke yake amempa mgeni kazini fumbo la kufumbua akiwa ameshika mashine inayowaka.

Sikiliza visingizio, kwa maneno yao

Utani lazima umlenge mtu au kitu. Ukimlenga aliyeumia, ni ukatili. Ukiilenga hatari yenyewe, hatari inapungua uzito. Kinachobaki, na ndicho kitamu kukicheka, ni kisingizio. Kwa hiyo kaa karakanani asubuhi moja, uulize bila kukaripia kwa nini kinga haipo, na uandike majibu kama yalivyosemwa. Kwa kawaida utapata haya, kwa namna moja au nyingine:

"Nakata kidogo tu." "Kinga inanizibia, sioni mstari." "Nina haraka, mteja anangoja geti lake." "Ajali haina kinga, ndugu yangu. Siku yako ikifika imefika."

Hicho cha mwisho ndicho chenye mali.

Methali iliyopinduliwa

"Ajali haina kinga" husemwa kila mahali pwani, na nia yake ni njema, kwani humfariji aliyepatwa na jambo lisilozuilika. Karakanani hugeuka ruhusa. Kama ajali haina kinga, kwa nini nihangaike na bolti ya kinga? Huwezi kuipinga methali kwa hotuba. Methali hujibiwa kwa methali, au kwa kumaliziwa na mtu mwingine. Tunaiacha iseme nusu yake, kisha tunaongeza:

AJALI HAINA KINGA. GRAINDA INAYO. IFUNGE.

Mstari huu unaonyesha karibu kila kitu ambacho mistari mingine inapaswa kuwa nacho. Nusu ya kwanza msomaji anaijua, kwa hiyo macho yake hayasiti. Nusu ya pili inamrudisha kwenye kitu kinachoshikika, kile kipande cha bati kilicho chini ya meza. Neno la mwisho ni amri. Kinachochekwa ni uvivu wa kujificha nyuma ya methali, na mtu anajicheka mwenyewe bila kutajwa jina. Hatari haikupunguzwa hata chembe, kwani mstari haukusema ajali ni jambo dogo. Umesema tu kwamba hii moja ina dawa.

Kuna methali nyingine mbili zinazopinduka vizuri kwa grainda. Ya kwanza ni "macho hayana pazia", ambayo watu huitumia kujitetea wanapokodolea macho wasichostahili:

MACHO HAYANA PAZIA. VAA MIWANI.

Ya pili imekaa kama iliyotungwa kwa ajili ya shati linalopeperuka:

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. CHOMEKEA SHATI.

Methali hii kwa kawaida ni onyo juu ya adui wa karibu. Hapa imesomwa neno kwa neno, na ndiko kunakochekesha, kwa sababu nguo ndiyo inayompa adui mkono wa kukuvuta. Ukiisoma mara mbili huoni tena utani, unaona tumbo. Mstari mzuri wa usalama huanza na kicheko na kuishia na hali hiyo.

Si kila methali inafaa. "Sikio la kufa halisikii dawa" itamjaribu mwandishi akiandikia mahali penye kelele, lakini inamhukumu msomaji kuwa amekwisha kufa. Aliyehukumiwa hana sababu ya kuvaa kitu masikioni. "Mtoto akililia wembe mpe" inasema mwache aumie ndipo ajifunze, na kwa diski hakuna kuumia kidogo kwa kujifunzia. "Haraka haraka haina baraka" haina ubaya wowote, ila imesikika mno hata sikio halisimami. Kanuni tunayoitumia ni hii: methali inafaa ikiwa neno lake moja lina maana ya pili iliyopo pale pale kwenye mashine. Kinga ipo. Nguo ipo. Baraka haipo mezani.

Aya za vitabu vya dini ziache. Hazistahili kupinduliwa, wala kukaa ukutani zikirukiwa na cheche na vumbi la chuma.

Jihadhari na kijembe

Mombasa ni mji wa kanga. Mtu aliyekulia hapa amezoea kusoma maandishi mafupi ya herufi kubwa na kujiuliza, hili kaambiwa nani? Jina la kanga linaweza kuvaliwa lipite mlangoni kwa jirani, na jirani akajua. Ufundi huo ni hazina kwa mwandishi wa maonyo, kwa sababu umefundisha watu wote kusoma mstari mmoja kwa makini. Lakini una makali pande mbili. Ikiwa katika karakana nzima ni fundi mmoja tu asiyefunga kinga, na asubuhi ukutani kukawa na mstari mpya kuhusu kinga, huyo amepigwa kijembe mbele ya wenzake. Atakachofanya ni kuendelea bila kinga, safari hii kwa heshima yake.

Njia ya kwanza ya kuepuka ni kubandika mistari mitatu kwa pamoja, wa kinga, wa miwani na wa shati, ili kila mtu apate wake. Njia ya pili, ambayo ni bora, ni kuipa mashine sauti. Mashine haina ugomvi na mtu:

MIMI GRAINDA SIJUI KIDOLE WALA CHUMA. NIFUNGE KINGA.

Hapa hakuna wewe mjinga wala wewe mkaidi. Kuna mashine inayokiri upofu wake. Mstari huu hauchekeshi sana, na si lazima uchekeshe sana. Ukiwa na mistari mitatu, mmoja uwe mkavu kidogo kuliko mingine, ili ukuta usionekane umegeuka jukwaa la vichekesho.

Usimtaje mwanagenzi wala "fundi wa jana". Usifanye mzaha wa kiungo kilichopotea. "Jicho moja hukodishwa bei gani?" itawachekesha wanne na kumnyamazisha mmoja, na huyo mmoja ndiye angeweza kuwaeleza wenzake cheche ilivyoingia.

Tarakimu inaweza kuchekesha

Waandishi wengi huogopa namba, lakini namba sahihi iliyowekwa kando ya kitu kinachojulikana ni utani ambao hauwezi kuificha hatari, kwa kuwa hatari yenyewe ndiyo inayochekesha. Tumeshapata kilomita 238 kwa saa. Ni nani Mombasa asiyeijua treni ya reli ya kisasa, inayopakia abiria Miritini kuelekea Nairobi? Mwendo wake wa juu kwa abiria ni kilomita 120 kwa saa. Kwa hiyo:

TRENI YA NAIROBI: 120. UKINGO WA DISKI: 238. TRENI INA RELI. DISKI INA KINGA TU.

Neno "tu" ndilo linalofanya kazi. Liondoe uone mstari unavyolala. Mtu anafika kwenye "reli" akitabasamu, kisha "kinga tu" inamwacha na wazo kwamba kile kipande cha bati ndicho peke yake kinachosimama kati yake na kitu kinachokwenda karibu mara mbili ya mwendo wa treni.

Usizungushe namba kwa kuongeza chumvi. Ukiandika 500 na fundi mmoja akapiga hesabu kwenye simu yake akakuta 238, ukuta mzima umekosa kuaminika, pamoja na mistari ya kweli. Na kama karakana yako ina mashine ya kasi tofauti, soma kibandiko chake na upige hesabu upya kabla ya kuandika.

Kwa diski yenyewe kuna jambo moja linalostahili mstari wake, nalo karakana nyingi hazilijui. Diski za kukatia zimeshikwa kwa gundi maalumu, na gundi hiyo huzeeka. Kwenye pete ya chuma katikati pamepigwa chapa ya mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa. Unyevu huidhoofisha zaidi, na hewa yetu ya pwani haikosi unyevu. Mstari huu hukaa kwenye kabati la diski, si ukutani:

MAZIWA UNASOMA TAREHE. DISKI JE? ANGALIA PETE.

Kitendawili na shairi kwa kikao cha asubuhi

Ukuta unataka ufupi. Kikao cha dakika tano kabla ya kazi kinaweza kubeba kitu kirefu kidogo, na hapo kitendawili hakina mpinzani, kwa kuwa kinawafanya wasikilizaji waseme wao jina la hatari. Msimamizi anaanza:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nakimbia kuliko treni ya Nairobi, na mkononi mwako sitoki. Siku kinga ikitoka, nami natoka."

Waache wahangaike. Wakishindwa, dai mji kama kawaida, upewe Lamu au Malindi, kisha utoe jibu: diski. Usikimbilie kueleza. Uliza badala yake, "Natoka kwenda wapi?" Fundi mmoja atasema usoni, mwingine atasema shingoni, na maelezo yote ya usalama yatakuwa yametoka vinywani mwao.

Kwa shairi, mizani 16 kwa mshororo, nane na nane, ndiyo inayokaa kichwani bila kuandikwa. Beti moja inatosha:

Grainda bila ya kinga, si grainda ni bunduki,
Diski kubwa ukifunga, vipande havishikiki,
Hakuna wa kukuganga, jicho halinunuliki,
Kinga kwanza kuifunga, bila hivyo haiwaki.

Hesabu mizani kwa kidole kabla ya kuisoma mbele ya watu. Mshororo ukizidi silabi moja, wazee wa karakana wataishika silabi hiyo na kuisahau grainda. Na angalia mpangilio: hatari ndiyo inayofungua, sababu inafuata, hasara ni ya tatu, amri ndiyo inayofunga. Amri ikikaa mwanzoni, shairi linaishia kwenye hasara na msikilizaji anabaki na huzuni bila kazi ya kufanya.

Majaribio manne kabla ya kubandika

Jaribio la kwanza ni la chai. Chukua mstari wako, ondoa grainda, weka chai iliyokosa sukari. Ukibaki unaeleweka na kuchekesha vile vile, basi haukuwa na hatari ndani yake tangu mwanzo. "Usalama kwanza, mengine baadaye" inafaulu kwa chai, kwa hiyo imeanguka kwa grainda.

La pili ni la nusu. Karatasi huchanika, na mtu akipita haraka husoma maneno matatu. Funika nusu ya mstari kwa mkono. Je, nusu inayobaki inaamuru jambo baya? Hapa ndipo kejeli inapoanguka. "Fungua kinga upate likizo ndefu ya hospitali" inachekesha ikisomwa yote, lakini nusu yake ya kwanza ni amri ya kufungua kinga, imebandikwa na uongozi. Kejeli inayosema kinyume cha inachokusudia haina nafasi karibu na mashine. "Ajali haina kinga" peke yake nayo ina udhaifu huo, ndiyo maana mstari ule lazima uandikwe wote kwenye ubao mmoja mgumu, na maneno "Grainda inayo. Ifunge" yawe makubwa kuliko yale ya kwanza.

La tatu ni la mgeni. Mpe mtu aliyetoka bara juzi, au kijana ambaye Kiswahili chake ni cha mtaani:

"Hebu nisomee hii, kaka."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Chomekea shati."

"Inakutaka ufanye nini?"

"Nichomekee shati."

"Kwa nini?"

Akijibu "mashine isilivute", mstari umepita. Akicheka na kusema hajui, au akisema "ni mambo ya kanga hayo", utani umeimeza amri. Jaribu kwa watu watatu angalau. Maneno ya Kimvita yana ladha yake, na "mato" badala ya "macho" yatampendeza mwenyeji wa Mji wa Kale, lakini fundi mwenzake kutoka Kakamega hatayajua, na jicho lake ni lile lile. Hata neno "kinga" lihakiki, kwani wapo wanaoiita gadi. Kama wote wanasema gadi, chora picha ya kinga kando ya mstari.

La nne ni gumu zaidi. Mwazie fundi aliyewahi kukatwa na diski, amesimama mbele ya ubao wako, mkewe yuko kando yake. Je, unaweza kuusoma mstari kwa sauti bila kutaka kuomba radhi? "Treni ina reli" inaweza kusomwa mbele yao. "Jicho moja hukodishwa bei gani" haiwezi.

Ubao, herufi na mahali

Alama rasmi zina maumbo na rangi zake. Duara la buluu lenye picha nyeupe humaanisha lazima ufanye, duara jekundu lenye mstari wa mshazari humaanisha usifanye, na pembetatu ya manjano huonya. Usiandike utani ndani ya maumbo hayo, wala usiibe rangi zake kwa ajili ya ubao wako. Tumia herufi nyeusi kwenye ubao mweupe, chini ya alama rasmi au kando yake.

Kwa ukubwa, kisia sentimita 1 ya urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, na uongeze panapokuwa na moshi au mwanga hafifu. Ubao unaosomwa kutoka mita 6 uwe na herufi za sentimita 2 hadi 3. Karatasi hunyauka kwa unyevu na kutobolewa na cheche, kwa hiyo mlipe mwandishi wa mabango aupake kwenye bati. Maneno yasizidi kumi na matano, na usitie picha ya kikaragosi anayecheka. Uso unaocheka kando ya onyo unamwambia msomaji kwamba hata aliyeandika hakumaanisha.

Mahali ni muhimu kuliko uzuri wa maneno. Mstari wa kinga uwekwe kwenye soketi ambako grainda huchomekwa, si mlangoni. Wa miwani utundikwe kwenye msumari wa miwani yenyewe. Wa shati uwe karibu na kioo au bomba la kunawia, mahali mtu anapojitazama.

Badilisha mistari kila mwezi hivi, amri zikibaki. Utani uliosikika mara thelathini huwa mapambo, na usishangae ukiona vijana wameugeuza kuwa mzaha wao wenyewe. Ajali ikitokea, ondoa mistari yote ya utani siku hiyo hiyo kabla zamu ya pili haijaingia. Acha amri na alama rasmi. Isirudishwe mpaka aliyeumia, au wenzake wa karibu ikiwa hayupo, wakubali.

Kujua kama umefanya kazi

Kicheko si kipimo. Kipimo ni kinga. Wiki moja kabla ya kubandika, pita saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, uhesabu grainda zilizo kazini na zenye kinga iliyofungwa. Kinga igeuzwe upande uliozibwa umwelekee fundi; iliyogeuzwa nje usiihesabu. Rudia hesabu hiyo wiki ya kwanza na ya nne baada ya kubandika, kwa saa zile zile, bila kutangaza.

Kama grainda 6 zilikuwa na kinga 2 na sasa zina 5, endelea. Kama zimepanda hadi 5 wiki ya kwanza kisha zikashuka hadi 3 wiki ya nne, mstari umezoeleka, ubadilishe. Lakini kama hazikusogea kabisa, acha kuandika na uende ukaangalie chini ya meza. Mara nyingi utakuta bolti ya kinga imepotea, au kinga imepinda haifungiki, au karakana inapokea kazi za mabomba manene ilhali haina grainda kubwa ya diski ya milimita 230 yenye kinga yake. Hapo kinachotakiwa ni bolti, kinga mpya au mashine inayofaa, na mstari wa maana kuliko yote ni ule utakaouandika kwenye orodha ya manunuzi.